Fahirisi moja, mifuko miwili, na dola 250 nilizozikosa

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Kaka, VOO inatoza asilimia 0.03 na CSPX inatoza 0.07. Zote zinafuata S&P 500. Mbona hata tuulizane?" VOO ni mfuko uliosajiliwa Marekani, CSPX umesajiliwa Ayalandi, na fahirisi wanayoifuata ni kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa mia tano za Marekani. Niliusoma ujumbe ule mara mbili, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu anayejua.

Mwaka 2016 mimi na dada yangu mdogo tulianza pamoja, dola 200 kila mwezi kwa kila mmoja, sote tukiwa Mombasa. Wakala wa hisa niliyemtumia aliniambia ada ndogo ndiyo kila kitu, nikanunua mfuko uliosajiliwa Marekani. Dada yangu akachukua uliosajiliwa Ayalandi, wenye ada kubwa zaidi. Nilimsimanga. Miaka minane baadaye tulikaa mezani na taarifa zetu, tukakuta amenizidi karibu dola 250. Kampuni zilikuwa zile zile mia tano, na miezi ya kuweka pesa ile ile. Si pesa ya kununua shamba, lakini iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu hakuna aliyeniibia. Nilikuwa nasoma namba isiyo yangu.

Kilichonipata ni hiki. Kampuni za Marekani zikitoa gawio, serikali ya kule hukata kodi kabla pesa haijamfikia mgeni. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo Mkenya hukatwa asilimia 30, hata akijaza W-8BEN, fomu ya kuthibitisha kuwa yeye si mlipakodi wa Marekani. Ayalandi inao mkataba, na mfuko uliosajiliwa kule hukatwa 15. Baada ya hapo Ayalandi yenyewe haimkati mwekezaji wa nje.

Tuchukue dola 10,000 na gawio la asilimia 1.5 kwa mwaka, yaani dola 150. Kwenye mfuko wa Marekani ada ni dola 3 na kodi ni 45, jumla 48. Kwenye ule wa Ayalandi ada ni dola 7 na kodi ni 22.50, jumla 29.50. Huo unaoitwa ghali unakuachia dola 18.50 zaidi kila mwaka, na hizo nazo huzaa.

Kwa nini sikuliona pengo hilo miaka yote minane? Kwa sababu kodi ya mfuko wa Marekani hukatwa nje ya mfuko, kwenye akaunti yako. Karatasi ya taarifa za mfuko haiioneshi kabisa. Inaonesha mfuko uliobaki nyuma ya fahirisi kwa ile ada tu. Kwenye mfuko wa Ayalandi kodi hukatwa ndani, kwa hiyo imo kwenye matokeo yanayochapishwa. Juu ya hayo, fahirisi yenyewe ina sura zaidi ya moja. Ukiona `Total Return`, gawio limehesabiwa zima. Ukiona `Net Total Return`, limekwisha kukatwa asilimia 30. Ndiyo maana mfuko wa Ayalandi huonekana kuishinda fahirisi yake mwaka baada ya mwaka. Meneja hana ujanja wowote hapo: amekatwa 15 huku akipimwa na kipimo kilichokatwa 30.

Msomaji wangu alitaja pia kwamba mfuko wake una kosa dogo sana la ufuatiliaji. Ndugu zangu, hapa wengi tunateleza. Namba hiyo haipimi umebaki nyuma kiasi gani. Inapima pengo linavyoyumba. Mfuko unaoachwa kwa asilimia 0.5 kila mwaka bila kubadilika utaonesha kosa karibu na sifuri, na bado unakula pesa yako. SPY, mfuko mwingine wa Marekani wa fahirisi hiyo hiyo, ulioanza mwaka 1993, ni mfano wa upande wa pili: kwa muundo wake wa kisheria hauruhusiwi kurudisha gawio kwenye hisa, hivyo hulishika kama taslimu hadi siku ya kugawa. Soko likipanda unaachwa kidogo, likishuka taslimu hiyo inausaidia, na pengo linacheza.

Kwa hiyo acheni kulinganisha ada peke yake. Angalieni herufi mbili za kwanza za ISIN, namba ya utambulisho wa mfuko: `IE` ni Ayalandi, `US` ni Marekani. Kisha someni jina kamili la fahirisi mliyopimiwa. Kisha mtoe kodi yenu wenyewe kwa kalamu, kwa sababu hakuna atakayewatolea.

Hesabu hii ni ya Mkenya anayeishi Kenya. Anayeishi nchi yenye mkataba na Marekani aanze upya na kiwango chake.

Mfuko wangu wa zamani sijauuza, maana wakala wangu hutoza kila ninapouza na kila ninaponunua. Lakini tangu siku ile ya mezani, kila dola 200 mpya inakwenda kwenye `IE`.