Dipoziti ya gesi ya mita: nilitoa 40,000, nikarudishiwa 18,000

Juzi dada mmoja wa Mbezi aliniandikia inbox: "Dada, wakala amekuja mtaani, anataka dipoziti ya 35,000 anifungie gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu. Nichukue au ninunue mtungi wangu?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimeandika ukurasa mzima, maana jambo hili bado linaniuma. Nimeona bora niliweke hapa, kwa kuwa najua wengi wenu mnataka nilichokitaka mimi: kuachana na mkaa bila kulazimika kutoa hela yote kwa mpigo.

Mimi nilifungiwa nikiwa bado Tabata Kimanga. Tulikuwa watu wanne nyumbani. Dipoziti ilikuwa 40,000, nikaletewa mtungi wenye mita juu yake, mpira, na jiko la bana mbili. Unalipa kwa simu kama unavyonunua LUKU, mita inafungua, unapika, salio likiisha inafunga yenyewe. Wiki ya kwanza nilitembea kifua mbele. Nilinunua ya 1,000, nikapika chai na wali, na ndani hakukuwa na moshi wala gunia la mkaa mlangoni.

Kwenye mita salio linaonekana kwa gramu. Mimi 1,000 ilinipa gramu 220. Kilo moja ni gramu 1,000, kwa hiyo gawanya: kilo moja ilinigharimu kama 4,545. Duka la karibu na kwangu walikuwa wakibadilisha mtungi wa kilo 6 kwa 24,000, yaani 4,000 kwa kilo. Nyumba yangu ilikula takriban kilo 6 kwa mwezi, kwa hiyo kwa njia ya mita nililipa kama 27,300. Tofauti ni 3,300 kwa mwezi. Sioni kama huo ni wizi. Ukitoa 2,000 ya bodaboda ya kubeba mtungi, tofauti inabaki ndogo, na hulazimiki kutafuta 24,000 kwa siku moja. Lakini fanya hesabu hiyo kwa bei ya wakala wako na bei ya duka la mtaani kwako kabla ya kusaini. Wakala akikutajia bei ya "siku moja ya kupika", mwambie akupe gramu. Siku ya kupika ya kwake haifanani na ya kwako wewe unayechemsha maharage.

Miezi minne ikaenda vizuri, sina la kusimulia. Mwezi wa tano salio likaanza kukimbia. Ya 5,000, ambayo ni gramu 1,100, ilikuwa inanifikisha siku tano na zaidi. Sasa ikawa inaisha siku ya tatu. Nikamsema binti yangu kuwa anaacha jiko linawaka, akalia, na hakuwa na kosa. Hapo ndipo nikapima. Usiku, baada ya chakula cha mwisho, nilizima bana zote mbili, nikaandika salio kwenye karatasi: gramu 640. Asubuhi kabla ya chai nikasoma tena: 595. Gramu 45 zimeondoka na hakuna aliyepika.

Mita imekaa juu ya mtungi, kabla ya mpira. Chochote kinachopita kwenye mita kimeshahesabiwa kuwa umekitumia, hata kama kinavujia kwenye mpira na kuishia hewani. Kwa hiyo ukivuja, unalipia, na gesi inajaa jikoni kwako. Nilikoroga sabuni ya unga na maji kidogo, nikapaka povu kwa sponji kwenye maungio yote huku bana zimezimwa. Upande wa mtungi palikuwa shwari. Upande wa jiko, pale mpira unapoingia kwenye bomba dogo, mapovu yakaanza kutoka taratibu, moja baada ya jingine. Mpira ulikuwa umepasuka mdomoni, upana wa ukucha tu. Usije ukatafuta uvujaji kwa kiberiti, nakuomba.

Kosa langu lilifuata hapo. Badala ya kupiga simu kwa kampuni, nilikwenda dukani nikanunua mpira mpya na vibano vyake viwili, 6,000, nikafunga mwenyewe, na ule wa zamani nikautupa jalalani. Salio likarudi kama zamani. Nikajiona fundi, nikawatangazia hadi wapangaji wenzangu.

Kabla sijafika kwenye dipoziti, niseme kuhusu kubadilisha mtungi, kwa sababu hapo watu wanachanganya sana. Mtungi wa kawaida ni wako. Unaupeleka mtupu, unapewa uliojaa, na kama bado ulikuwa na gesi chini, umemwachia mwenye duka. Hapa mtungi si wako. Wewe umenunua gramu, na gramu zako zinakaa kwenye akaunti. Mara ya kwanza walipokuja kubadilisha nilikuwa na salio la gramu 900, nikamzuia kijana mlangoni nikidhani anaondoka na gesi yangu. Akafunga mtungi mpya, akanionyesha mita: 900 ileile. Upande huu mpango wa mita ni wa haki kuliko duka.

Shida ni pale mtungi unapoisha na salio bado lipo. Mita inaonyesha gramu 400, unawasha, moto unatoka mdogo, unayumba, unazimika. Salio halipiki. Kampuni inatakiwa kuona mapema kuwa mtungi unakaribia kuisha na kuleta mwingine, na mara nyingi walileta. Wikiendi moja ya Pasaka hawakuleta. Tulikaa siku moja na nusu, nikarudi kwenye mkaa huku nina hela yangu ndani ya mita. Nikafungua mkataba, nikakuta wamejipa saa 48. Nilisaini mwenyewe bila kusoma. Na usithubutu kupeleka mtungi huo dukani ukabadilishiwe, au kumwachia kijana wa mtaani akujazie kutoka mtungi mwingine. Kujaza gesi mtungi kwa mtungi mtaani EWURA imekataza, ni hatari ya moto, na kwenye mkataba wangu kufungua mita tu kulitosha kupoteza dipoziti yote.

Jambo jingine sikuambiwa na mtu yeyote. Jioni moja nilikuwa nimebandika wali wa nazi, salio likaisha, moto ukazimika. Nikatoka nje kutafuta mtandao, nikanunua ya 1,000. Mita ikafungua. Mimi nipo uani naongea na jirani, na kitufe cha bana bado kipo wazi. Gesi ikawa inatoka bila moto. Niliporudi mlangoni harufu ilinipiga usoni. Sikugusa swichi ya taa. Nilifunga bana, nikafungua dirisha na milango, nikawatoa watoto, tukakaa nje zaidi ya nusu saa. Tangu siku hiyo sheria ya nyumba yangu ni moja: moto ukizimika, funga vitufe vya bana kwanza, ndipo ushike simu. Wafundisheni na watoto, na dada wa kazi, na mama mkwe akija kusalimia.

Kisha tukahamia Chanika. Nilipiga simu nihamishe huduma, nikajibiwa kwamba huko hawafiki. Sawa, nikasema, njooni mchukue vifaa vyenu, nipeni 40,000 yangu. Kijana alikuja na karatasi, akakagua kimoja kimoja. Mpira si wao: kata 12,000. Nikamwonyesha kuwa huu ni mpya, na ule wao ulipasuka. Akaniuliza ule uliopasuka uko wapi. Uko jalalani. Jiko lina kutu kwenye bana moja: kata 10,000. Ikabaki 18,000, na ilinifikia kwenye simu baada ya wiki tatu.

Halafu salio. Siku tatu kabla nilikuwa nimenunua ya 10,000, gramu 2,200. Nilikuwa nimetumia kama 600, zikabaki 1,600, ambazo kwa bei yao ni karibu 7,300. Mkataba ulisema salio halirudishwi kwa fedha. Nilipiga simu mara tano. Nilijibiwa kwa adabu mara tano.

Ukiniuliza nani alikosea, nitasema wote wawili. Mpira uliopasuka ulikuwa wao na walipaswa kuubadilisha bure. Lakini mimi niliutupa ushahidi, na nilijaza salio la siku kumi na moja wakati nyumba mpya nilishailipia kodi. Dada zangu, kifaa ambacho si chako usikitengeneze wala usikitupe. Piga simu, omba namba ya malalamiko, kitunze hata kama kimekufa. Siku ulipofungiwa, piga picha ya kila kitu: jiko, mpira, mita, namba ya mtungi. Ningekuwa na picha ya bana zangu siku ya kwanza, ile 10,000 ya kutu ningeibishia kwa nguvu. Na ukijua unahama, nunua ya 1,000 tu, kila siku, mpaka siku ya kuondoka.

Sasa hivi Chanika nina mtungi wangu wa kilo 6. Nao una mambo yake. Mara ya pili kubadilisha nilimwambia mwenye duka aweke kwenye mizani. Shingoni mwa mtungi umechongwa uzito wake mtupu. Wangu ulisoma kilo 7.4. Ukijumlisha gesi ya kilo 6 unapata 13.4. Mizani ikasema 12.9. Nusu kilo haipo, na kwa bei ya 24,000 hiyo ni 2,000. Alinibadilishia bila ubishi. Mwenye duka asiye na mizani, mimi siweki mtungi wangu pale.

Kwa hiyo dada wa Mbezi, nilimjibu hivi. Kama una uhakika wa kukaa hapo mwaka mzima, na kupata 24,000 kwa mkupuo ni mtihani kila mwezi, chukua. Kama umepanga na mwenye nyumba ameshaanza kukusumbua, nunua mtungi wako. Ukichukua, mwambie wakala aandike kwenye mkataba wenyewe, si kwa mdomo, vitu vitatu: nani analipia mpira ukichakaa, dipoziti inarudi baada ya siku ngapi, na ukihama salio lako linakwenda wapi.

Jana jioni amenitumia picha ya mkataba. Wakala ameongeza kwa kalamu ya bluu kuwa mpira na regulata vikichakaa ni juu ya kampuni, na dipoziti ndani ya siku 14, akasaini. Kwenye salio amekataa kuandika chochote. Dada ameniambia amechukua hivyo hivyo, na kwamba hatajaza zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja.