Droo haina shoti, je, keshia yuko sahihi?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Nina supamaketi ndogo hapa Mwanga, Kigoma, yenye kaunta mbili na makeshia watatu wanaopokezana. Kila mwisho wa mwezi nampa kila mmoja alama kati ya kumi kwa usahihi, kwa kumudu foleni na kwa lugha yake kwa wateja. Safari hii kijana mmoja amelalamika kwamba namwonea: droo yake haijawahi kupata shoti, ila nimempa sita kwa sababu foleni yake huwa ndefu. Sikuwa na la kumwonyesha. Niwapimeje ili haki ionekane?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Kijana wako ana haki ya kulalamika, ingawa ushahidi anaoutegemea nao hautoshi. Tuanze na hiyo droo, maana wenye maduka wengi huiamini kuliko inavyostahili.

Unapofunga hesabu jioni, unalinganisha vitu viwili tu: jumla iliyo kwenye mashine na fedha iliyo kwenye droo. Sasa chukua mteja mwenye sabuni tatu, keshia akapiga mbili. Mashine imeandika mbili, mteja amelipa mbili, na droo imetimia. Hasara yako utaikuta stoo wakati wa kuhesabu mali, wiki tatu baadaye, na hutajua ilitoka kaunta ipi. Chukua mwingine aliyepigiwa chupa moja ya mafuta mara mbili. Hapo droo imetimia vilevile, na aliyeumia ni mteja, ambaye huenda akagundua akiwa amefika Ujiji. Makosa ya namna hii hayatokei kwenye droo hata siku moja. Droo huonyesha kosa la kupokea na kurudisha fedha tu, na hata hilo hufichika kama asubuhi alizidisha chenji ya 1,000 na jioni akapunja 1,000.

Tena droo inayotimia kila siku bila shoti wala ziada hata kidogo mimi hunifanya niulize. Sarafu za 50 na 100 hupotea kaunta, na mteja wa 3,450 mara nyingi huondoka bila 50 yake. Ziada ndogo hapa na pale ni jambo la kawaida. Isipoonekana kabisa, mwombe kwa upole akueleze anavyozishughulikia hizo 50. Huenda maelezo yake ni safi, lakini yasikie.

Na kama una desturi ya kukata shoti kwenye mshahara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuruhusu kukata kimyakimya. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa lake, umjulishe kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasivuke robo ya mshahara wake.

Kwa hiyo usahihi uutazame pale unapotengenezwa, yaani mikononi. Mimi hutazama matendo matatu. La kwanza, mteja akitoa fedha, je, keshia anaitaja kwa sauti: "Nimepokea elfu kumi"? La pili, je, ile noti inabaki juu ya droo hadi chenji imfikie mteja mkononi, au inatumbukizwa mara moja na ubishi wa elfu tano au elfu kumi ukakosa shahidi? La tatu, vitu vinavyofanana vikija vingi, je, anavihesabu kabla ya kubonyeza idadi, au anakadiria kwa jicho? Hapa kuna mtego: soda sita za ladha tofauti zenye bei moja, keshia anapiga moja mara sita. Fedha ni sahihi, lakini stoo itakuambia una ziada ya ladha moja na upungufu wa nyingine, nawe utamshuku mtunza stoo bure.

Mchague keshia mmoja, simama dakika 20 mahali unapoona mikono yake bila kumkaa mgongoni, ukiwa na daftari. Usiandike makosa peke yake. Andika pia mara ambazo tendo lilipaswa kufanyika. "Hakutaja fedha mara tatu" ni maneno yasiyo na uzito, kwa sababu mara tatu kati ya nne ni balaa na mara tatu kati ya 30 ni uchovu wa binadamu. Wanaolipa kwa Lipa Namba usiwaingize kwenye hesabu hiyo, maana hakuna noti ya kutaja. Kwao utatazama kama amesubiri ujumbe wa malipo ufike kwenye simu ya duka, au ameridhika kuonyeshwa simu ya mteja. Risiti ya EFD ihesabie wote, kwa kuwa muuzaji anadaiwa kisheria kuitoa na mnunuzi kuidai.

Sasa foleni, ambako ndiko ulikomkosea kijana, kama kisa changu cha Tabora kinafanana na chako. Katika duka moja la huko, Jumamosi jioni ya mwisho wa mwezi, meneja alikuwa ameshaamua kwamba keshia wa kaunta ya ndani ni mzito. Nilisimama dakika 20 na saa ya simu. Kaunta ya mlangoni ilihudumia wateja 16 wenye bidhaa 96. Kaunta ya ndani ilihudumia wateja 9 tu, ila walibeba bidhaa 118. Wenye soda na mkate walijipanga mlangoni, na wenye matoroli, wakiwemo wanaonunulia vigenge vyao, walikwenda ndani. Ukihesabu vichwa, wa ndani amechapwa vibaya.

Nilitenga muda wa malipo, yaani tangu keshia anataja jumla hadi anakabidhi risiti. Mlangoni ulikuwa wastani wa sekunde 35 kwa mteja, ambazo kwa wateja 16 ni sekunde 560. Katika sekunde 1,200 za dakika 20 zikabaki 640 za kupiga bidhaa 96, yaani kama sekunde 6.7 kila moja. Ndani malipo yalichukua wastani wa sekunde 50, jumla 450. Zikabaki 750 za bidhaa 118, yaani kama 6.4 kila moja. Mikono yao ilikuwa sawa kabisa. Hiyo tofauti ndogo wala usiipe maana.

Zilibaki zile sekunde 50 za malipo. Daftari langu lilikuwa na jibu: mara mbili keshia wa ndani aliinuka kwenda kutafuta chenji kaunta ya pili, kila safari kama sekunde 75. Ondoa hizo 150, malipo yake yanashuka hadi sekunde 33 kwa mteja. Na kwa nini alikosa chenji? Asubuhi meneja mwenyewe alimkabidhi chenji ya kuanzia iliyojaa noti za 5,000. Foleni ile aliitengeneza meneja.

Ndiyo maana kwenye ukurasa wa foleni huwa naweka safu ya sababu. Barkodi haisomi, bei haimo kwenye mashine, mtandao umekata, chenji hakuna: hayo ni ya duka. Alama za keshia zitokane na anachofanya foleni ikirefuka. Je, anaita msaada ikifika watu watano, kama mlivyokubaliana, au anainamisha kichwa? Bidhaa isiyosoma, je, anaiweka pembeni na kuendelea kupiga nyingine huku mwenzake akiulizia bei, au anasimamisha kila kitu? Mtandao ukikata, anawaambia waliosimama nyuma, au wanabaki kutazamana?

Kuhusu lugha kwa wateja, neno "mchangamfu" lifute kwenye fomu yako. Kila mtu huliona anavyotaka, na mara nyingi tunampa alama za uchangamfu yule anayetuchangamkia sisi wenye duka. Andika kinachoonekana na kusikika: alimsalimu mteja kabla ya kugusa bidhaa au hakumsalimu, alimjibu akimtazama au akiwa ameinamia simu, aliomba radhi kwa kuchelewa au alinyamaza. Maneno makali yaandike kama yalivyotamkwa. Ukiandika "alikuwa na dharau" utabishiwa. Ukiandika "alimwambia mama, kama huna hela ndogo rudisha vitu", hakuna wa kubisha.

Na mbele ya kila salamu andika ni mteja wa aina gani, kwa neno moja: mzee, mwanafunzi, mama mwenye mzigo, mgeni. Kigoma yako inapokea watu wa kila namna, kuanzia wa mwaloni Kibirizi hadi wafanyabiashara wanaovuka ziwa kutoka Kongo na Burundi, na Kiswahili chao si kimoja. Nimeshaona keshia aliyewasalimu wateja 18 kati ya 22, idadi nzuri kabisa. Lakini wanne waliorukwa wote walikuwa wanawake wenye mizigo kichwani. Wastani ungelificha jambo hilo, na kwangu lilikuwa zito kuliko hizo salamu 18.

Fanya hivyo mara tatu kwa kila keshia ndani ya wiki mbili: asubuhi tulivu, jioni baada ya saa kumi na moja, na siku moja ya msongamano. Waambie wote mapema kwamba utatazama na utatazama nini, ila saa usiitaje. Mara ya kwanza itakuwa ya maonyesho, kila mtu atakuwa malaika, basi ifanye ya mazoezi na uongeze nyingine. Angalau mara moja mwombe mtunza stoo ajaze daftari lake pembeni kwa dakika zilezile. Ukiandika wewe kwamba noti ilibaki juu ya droo mara 12 naye akaandika 8, msimkimbilie keshia. Maelezo yenu ya tendo bado hayajakaa sawa, kaeni muyarekebishe.

Hata hivyo usizikamue namba zaidi ya uwezo wake. Ukiwa na wateja 25 au 30 kwa kila mtu, aliyetaja fedha mara 24 kati ya 27 na aliyetaja mara 22 kati ya 27 wako sawa, usimpe mmoja tisa na mwingine saba. Mwenye 11 kati ya 27 ndiye mwenye tatizo, na yeye ni wa kuelekezwa kisha kutazamwa tena baada ya wiki mbili.

Kijana wako sasa. Ile sita ifute, na umwambie umeifuta kwa sababu haikuwa na tukio nyuma yake. Kisha kabla ya kumtazama, hakikisha kila droo asubuhi inaanza na noti za 1,000 na 2,000 pamoja na sarafu za kutosha, zikiwemo za 500, na kwamba kila bidhaa iliyo rafuni bei yake imo kwenye mashine. Ukimaliza zamu tatu za kumtazama, mkae, usianze na alama. Msomee daftari tukio kwa tukio, na kila tukio mwachie aseme lake kabla hamjaenda la pili. Atakalolipinga liandike pembeni kwa maneno yake, msaini wote wawili.