Saa ya shangazi ilisema imeunganishwa, lakini meseji hazikufika

Shangazi yangu anauza vitenge Kariakoo. Simu yake hukaa kwenye mkoba chini ya kaunta, na kwa kelele za pale haisikii hata ikiita mara tano. Nikamnunulia saa janja ya bei ya kawaida, ili meseji ya malipo ikiingia mkono umtetemeke. Siku ya tatu akanipigia: "Mwanangu, hii saa inanionyesha muda tu. Meseji siioni hata moja."

Nilipofika, kijana wa dukani alikuwa ameshaiunganisha kupitia menyu ya Bluetooth ya simu. Pale iliandikwa "Connected", naye akaamini kazi imekwisha. Saa nyingi zinazopokea simu zina miunganisho miwili: mmoja wa sauti ya kupigia, mwingine wa data. Ukianzia kwenye menyu ya Bluetooth unaweza kupata ule wa sauti peke yake. Meseji hupita kwenye ule wa pili, na huo unafunguliwa na apu ya saa yenyewe.

Kwa hiyo nilibonyeza "Forget" nikaifuta saa kwenye Bluetooth, nikawasha location, nikafungua apu na kuitafuta saa kutokea humo. Simu za Android 12 na kuendelea zitakuomba ruhusa ya "Nearby devices". Ukiikataa, apu itatafuta mpaka ichoke. Na kama saa iliwahi kuunganishwa na simu nyingine, iondoe kwanza kule. Saa nyingi za aina hii zikishashikwa na simu moja hazijitokezi kwa nyingine.

Jambo la kushika ni kwamba saa hii haipokei meseji yenyewe. Simu inapokea, arifa inatokea juu ya kioo, apu inaisoma, kisha inaituma kwenye saa. Ndiyo maana nikikuta arifa hazifiki, naanza kukagua simu.

Ruhusa ya apu kusoma arifa inaitwa "Notification access". Iandike hivyo kwenye kisanduku cha kutafutia cha Settings utaipata. Kwa shangazi swichi yake ilikuwa imefifia, haibonyezeki. Sababu ilikuwa boksi la saa: lina alama ya kuskani, na kijana aliiskani akapakua apu nje ya Play Store. Kuanzia Android 13, simu huizuia ruhusa hii kwa apu zilizopakuliwa namna hiyo. Unaweza kuifungua kwenye "App info", vidoti vitatu vya juu, "Allow restricted settings", lakini mimi sikufanya hivyo. Apu yenye ruhusa hii inaweza kusoma arifa zako, na kwenye simu nyingi hata namba za siri za muda zinazotumwa na benki. Niliifuta, nikaipakua upya kutoka Play Store, na swichi ikawaka. Kisha ndani ya apu nikachagua simu, SMS na WhatsApp tu.

Meseji zikaanza kuingia, shangazi akapiga makofi. Nami nikamwomba tusubiri. Nikazima kioo cha simu, tukanywa chai, na baada ya nusu saa nikamtumia meseji. Mkono wake ukatulia tuli. Nilipoifungua apu, saa ikaungana tena, na meseji niliyotuma hapo hapo ikatetema.

Hiyo ndiyo dalili ya kuitambua: arifa zinafika ukiwa umeifungua apu, zinakatika simu ikilala. Hapo simu inaiua apu ili kubana chaji. Nenda "App info" ya apu ya saa, ingia "Battery", chagua "Unrestricted". Baadhi ya simu zina pia swichi ya "Autostart"; iwashe. Na usiifagie apu unapofunga zile zilizo wazi, kwani shangazi alikuwa na mazoea ya kufagia zote kila jioni. Ukimaliza, zima na uwashe tena "Notification access", kisha uiwashe simu upya, maana wakati mwingine ruhusa inaonekana ipo ilhali apu imeshakatika nayo. Tulirudia jaribio la nusu saa, na safari hii mkono ulitetemeka kabla sijaiweka simu yangu mezani.

Kama ni gurupu moja tu la WhatsApp lisilofika, angalia kama umelinyamazisha kwenye simu. Kama hakuna kinachotetema kabisa, angalia alama ya mwezi kwenye saa: ukiiona, hali ya usingizi au ya kutosumbuliwa imewaka.

Umbali ndio uliobaki. Bluetooth inafika takriban mita kumi penye uwazi, na kuta za zege zinaupunguza. Stoo ya shangazi iko ghorofa ya juu, na meseji zilizoingia akiwa kule hazikuja kwenye saa aliposhuka. Sasa akipanda stoo, simu anaifunga kwenye pindo la khanga.