Ngazi za renda yako, fundi anaweza kuzihesabu?

Juzi mteja wangu wa Najjera alimpelekea fundi wa kuchomelea wa Katwe renda niliyomtengenezea kwa AI, fundi akaweka kidole juu ya picha akaanza kuhesabu vyuma vya reli, vitatu kwa stepu, vitatu kwa stepu, mpaka juu kabisa, halafu akataja bei yake palepale bila kuuliza swali hata moja. Nilifurahi sana jamani. Kuna kikao kimoja huko nyuma injinia aliniambia mbele ya watu kwamba picha zangu ni mapambo tu, hakuna anayeweza kujenga kitu humo, na lile neno bado linaniuma mpaka leo.

Nilipoiposti ile picha msomaji mmoja akaniandikia: "Kaka, tupe hiyo promti basi, mimi ngazi zangu zinatoka kama meno ya mamba." Promti nampa, iko hapa chini, lakini promti peke yake haitamfikisha. Modeli ya picha haijui kuhesabu. Ukiandika stepu 17 itakupa 13 au 22, na ukiongeza maneno mengine mazuri mazuri utapata tu ngazi mbovu yenye mng'ao. Hesabu piga wewe, modeli iachie rangi na mwanga.

Nyumba ya Najjera kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu ni mita 3. Nikagawa kwa 17, kila stepu ikapata kimo cha sentimita 17.6. Pa kukanyagia nikaweka 28. Wajenzi wana kanuni ya zamani ya Mfaransa Blondel, ya karne ya 17: kimo mara mbili jumlisha upana wa kukanyagia, jibu liangukie kati ya 60 na 65 hivi, maana ndiyo hatua ya mtu wa kawaida. Hapa inatoka 63.2, mguu utakubali, na jicho pia linakubali hata la mtu asiyejua kanuni yoyote. Ndiyo maana ngazi ya uongo inakusumbua kabla hujajua kwa nini.

Basi nikafungua Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D, nikachora boksi moja la stepu, nikalirudia kwa `Array` yenye hatua ya mita 0.28 kwenda mbele na 0.176 kwenda juu. Hakuna urembo, maboksi ya kijivu tu. Vyuma vya wima nikaweka vitatu kwa kila stepu, vya milimita 20, umbali sawa, kwa hiyo nafasi kati yao inabaki kama sentimita 7. Ukiweka viwili inabaki 12, na nchi nyingi zinataka mpira wa sentimita 10 usipite hapo kwa sababu ya vichwa vya watoto. Kamera nikaiweka pembeni ya ngazi, urefu wa macho mita 1.5. Nikatoa picha ya maboksi yenye mwanga wa jua, na nyingine ya mistari mitupu. Ya maboksi inaingia `img2img`, pale modeli inapochora juu ya picha uliyoipa, na `Denoising strength`, yaani kiasi cha kuibadilisha, karibu 0.5, ya mistari inaingia `ControlNet` inayoilazimisha modeli kufuata mistari hiyo. Promti yenyewe:

```
side view of straight staircase, terrazzo treads,
three thin black steel balusters per tread,
mvule wood handrail, white wall behind,
morning sun from tall window behind the camera
```

Mnaona ilivyo fupi. Haina namba za vipimo wala maneno ya kusifia.

Sasa reli ndiyo itakutesa, na sababu yake watu wengi hawaielewi wanabaki kubadilisha maneno usiku kucha. Modeli za aina ya Stable Diffusion hazifanyi kazi kwenye pikseli zenyewe, zinaibana picha kwanza mpaka kila kipande cha pikseli 8 kwa 8 kinakuwa kijumba kimoja. Picha yangu ina upana wa pikseli 1024 na inaonyesha mita 6 za nyumba, kwa hiyo chuma cha milimita 20 kinapata pikseli tatu na kidogo, hakijazi hata nusu ya kijumba. Modeli haina pa kukiweka! Ndiyo maana vyuma vinaungana, vinapinda, kimoja kinaanzia chini na kupotea katikati. Dawa ni kusogea karibu. Kata kipande cha mita moja na nusu, kikuze mpaka 1024, kata na picha ya mistari hapohapo, fanyia kazi kipande hicho kwa `Denoising strength` ya 0.4 hivi, kisha kirudishe mahali pake. Chuma kilekile sasa kina pikseli 13 na kinasimama kama chuma. Kisha nenda kipande kinachofuata. Inachosha, ndiyo, lakini hakuna njia ya mkato hapo.

Kivuli ndicho ninachokipenda zaidi, na ndicho kinachoumbua wengi. Sisi huku tuko karibu kabisa na ikweta, Machi na Septemba jua la Kampala linatoka mashariki moja kwa moja, na kwenye saa nne asubuhi liko juu kama nyuzi 45, kwa hiyo kivuli kinakuwa sawa na urefu wa kitu. Saa saba mchana liko utosini, haliingii ndani, kwa hiyo ukitaka vivuli vya kuvutia sahau mchana. Ngazi yangu inapanda kuelekea kaskazini, reli iko upande wa mashariki, ukuta uko magharibi, upana mita moja. Reli iko sentimita 90 juu ya ukingo wa kila stepu. Lakini ukitembea kwenye stepu hiyohiyo kuelekea nyuma, pa kukanyagia panabaki sawa huku reli inaendelea kupanda, kwa hiyo nyuma ya stepu reli iko karibu 108 juu yako. Kivuli chake mbele kinaangukia sentimita 90 kutoka kwenye reli, nyuma kinafika ukutani na kuupanda kidogo. Stepu inayofuata kinaanza tena kwenye 90. Yaani kivuli cha reli kinatoka na meno kama msumeno, jino moja kila stepu, na modeli ikiachiwa itakuchorea mstari mmoja ulionyooka kama reli yenyewe. Vivuli vya vile vyuma vya wima vinalala kukatiza stepu, vyote vikielekea upande mmoja. Jua likija kwa mshazari kutoka kusini mashariki vitafika kwenye uso wa mbele wa stepu inayofuata, na hapo lazima visimame wima, maana kitu cha wima kwenye uso wa wima kivuli chake ni wima. Ukiona kimelala hapo, picha imedanganya.

Kabla ya kutuma, angalia stepu ya tisa. Macho yako mita 1.5, stepu ya nane iko kwenye 1.41 na ya tisa kwenye 1.58, kwa hiyo kuanzia ya tisa hutakiwi kuona pa kukanyagia, unaona ukingo tu. Picha nyingi mnazoposti zinaonyesha terazo mpaka stepu ya mwisho juu, na mnapigiana makofi! Acheni hivyo jamani, mtu anaenda kumlipa fundi kwa kuangalia hiyo picha.

Ngazi za kuzunguka sijazigusa hapa kwa sababu upana wa kukanyagia unabadilika kutoka ndani kwenda nje, kanuni ya Blondel unaipima kwenye njia anayopita mtu, siyo ukingoni, na `Array` ya kawaida haikutoshi. Ndugu wa meno ya mamba, nitumie kimo cha kutoka sakafu hadi sakafu na upande dirisha lilipo, tuanzie hapo.