Kupima mnazi kwa kivuli chake

"Mwanangu yuko darasa la sita, anataka kujua urefu wa mnazi wetu bila kuupanda. Kijiti na kivuli vinatosha?"

Vinatosha, ndugu. Mpwa wangu alifanya hivyo saa nne asubuhi. Alichomeka kijiti cha sentimita 120 ardhini, akakinyoosha wima kwa kukilinganisha na uzi uliofungwa jiwe. Kivuli cha kijiti kilikuwa sentimita 80, cha mnazi mita 12. Akazidisha 12 kwa 120, akagawanya kwa 80: mita 18.

Nikamwambia apime kijiti upya, kuanzia usawa wa ardhi. Sentimita 20 zilikuwa zimezama mchangani, na sehemu iliyofukiwa haitoi kivuli. Kwa hiyo ni 12 mara 100 gawanya kwa 80, yaani mita 15. Mita tatu nzima zilikuwa za bure!

Vivuli vyote viwili vipimwe papo hapo, maana jua halisubiri, na vilale kwenye ardhi tambarare. Mnazi wenu ukiwa umeinama, msianzie shinani. Anzieni pale ambapo dafu likidondoka kutoka kileleni lingetua.