Nilimwambia nimeshatuma, yeye akasoma nitatuma

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mteja niliyewasiliana naye kwa Kiingereza tu. Kazi yake niliimaliza, ankara nikaituma Jumatatu, wiki ikapita kimya. Nikaona nimkumbushe kwa adabu, nikaandika hivi:

"I remember to send you the invoice on Monday."

Kichwani mwangu sentensi ile ilisema: nakumbuka nilikutumia ankara Jumatatu. Akanijibu baada ya saa moja, tena kwa uchangamfu, kwamba hakuna shida, ataisubiri hiyo Jumatatu. Nilisoma jibu lake mara tatu nikidhani ananikwepa. Nikampelekea ujumbe wa pili, huu wenye hasira kidogo, na hapo ndipo alipokwenda kutafuta kwenye barua zake akaikuta ankara, akalipa. Kosa halikuwa lake. Nilichomwandikia, kwa masikio yake, kilikuwa karibu na "nitakumbuka kukutumia". Nilitakiwa kuandika "I remember sending you the invoice on Monday."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia vitenzi vya Kiingereza vya aina ya "remember", na sasa ninapowafundisha wengine naona tunaanguka shimo lilelile. Sababu ni lugha yetu. Kiswahili kina umbo moja, lile la "ku-", linalofanya kazi ambayo Waingereza wameigawa kwa maumbo mawili, la "to" kama "to send" na la "-ing" kama "sending". Tunasema kukumbuka kutuma, kuacha kutuma, kujaribu kutuma, na "kutuma" ni ileile. Kwa hiyo tunapofika kwenye Kiingereza, mkono unaokota umbo la kwanza lililo karibu, na mara nyingi ni "to", kwa sababu shuleni tulikaririshwa kwamba kutuma ni "to send".

Kwa vitenzi vingi uzembe huo hauna madhara. Ukisema "it started raining" au "it started to rain", mvua ni ileile. Kwa vingine ukikosea utasikika vibaya, lakini utaeleweka: "I enjoy to read" ni kosa, ila hakuna atakayedhani unamaanisha jambo jingine. Hatari iko kwenye vile vichache vinavyokubali maumbo yote mawili na kubadilisha maana. Hapo hakuna wa kukushtua, kwa sababu sentensi yako ni sahihi kabisa. Imesema tu kitu kingine.

Nianze na "remember", maana ndiyo iliyoniponza. Jiulize kipi kilitangulia, kitendo au kumbukumbu. Kitendo kikitangulia, yaani ulifanya halafu sasa kinakujia akilini, tumia "-ing". Kumbukumbu ikitangulia, yaani jambo linakujia kwanza ndipo unalifanya, tumia "to". "I remember locking the door": nilifunga mlango, na sasa picha yake ninayo, mkono kwenye ufunguo. "I remembered to lock the door": nilikuwa natoka, nikakumbuka, nikafunga.

Ukitaka kushika kwa nini iko hivyo, litazame neno "to" lenyewe. Asili yake ni lile "to" la kuelekea mahali, kama katika "I went to the door". Tangu Kiingereza cha kale lilikuwa neno la mwelekeo, na harufu hiyo bado inalo: kitendo kilicho nyuma ya "to" mara nyingi ni kitu unachokiendea, bado hujakifikia. Umbo la "-ing" hukichukua kitendo kama kitu kilichopo tayari, ambacho unaweza kukikumbuka, kukiacha au kukijutia.

Kiswahili nacho kinatusaidia, ukikisikiliza vizuri. Sema sentensi yako kwa Kiswahili cha kawaida, kile cha mazungumzo. Kama kitendo cha pili kinajitokeza na wakati wake mwenyewe, "nakumbuka nilifunga", basi Kiingereza kinataka "-ing". Kama kinabaki na "ku-", "nilikumbuka kufunga", basi ni "to". Ningeitumia njia hii siku ile ningeona mara moja: nilichokuwa nacho kichwani kilikuwa "nakumbuka nilikutumia", chenye "-li-" waziwazi.

Tofauti inakuwa kali zaidi ukiweka kukanusha, na hapa ndipo watu wanapojitia hatiani bila kujua. Mtu anaulizwa kama mlango wa stoo ulifungwa. Akijibu "I don't remember locking it", amesema hana picha ya kuufunga; huenda ulifungwa, huenda haukufungwa. Akijibu "I didn't remember to lock it", amekiri: alisahau, mlango ulibaki wazi. Maneno yanakaribiana, lakini moja ni shaka na jingine ni ungamo. Kwenye barua ya kazini ningependa kujua nimeandika lipi.

"Forget" inafuata mkondo huohuo, ila kwa upande mmoja tu ndiyo utakayoitumia sana. "I forgot to attach the file" ni sentensi ya kila siku: sikuambatisha. Upande wa "-ing" huonekana zaidi kwenye kumbukumbu zisizofutika, "I'll never forget meeting her". Ukitaka kusema ulisahau kwamba ulikuwa umeshaambatisha, usijisumbue na "I forgot attaching". Sema "I forgot that I had attached it", ndivyo wenyewe wanavyosema.

Sasa "stop". Vitabu huiweka kapu moja na "remember", na mimi naona inachanganya, kwa sababu mchezo wake ni tofauti. "I stopped checking my messages": niliacha kuangalia ujumbe. Kinachoachwa ndicho hicho chenye "-ing". "I stopped to check my messages": nilisimama, nikaangalia ujumbe. Hapa sentensi haikutaja kabisa kilichoachwa. Huenda nilikuwa natembea, huenda nilikuwa naandika ripoti. "To check" inaeleza nilisimama kwa ajili ya nini.

Kwa hiyo kipimo ni neno "ili". Ukiweza kulichomeka, "nilisimama ili niangalie", tumia "to". Lisipoingia, "niliacha ili kuangalia" kwa maana ya kukoma, tumia "-ing". Kiswahili kwa bahati nzuri kina vitenzi viwili hapa, kuacha na kusimama, na Kiingereza kinacho kimoja. Maana zao zinabaki salama kwetu mpaka tunapovuka kwenda upande wa pili.

Mwanafunzi wangu mmoja alimwandikia msimamizi wake kwamba ameongeza umakini kazini: "I stopped to check my phone every hour." Alitaka sifa ya kuacha simu. Alichokiandika ni kwamba kila saa alikuwa akisimamisha kazi aangalie simu. Na angalia ubaya wake: sentensi ina mantiki, haina kosa la sarufi, na hata programu ya kusahihisha tahajia haina sababu ya kuipigia mstari mwekundu. Njia pekee ya kulinasa kosa la aina hii ni kujisomea ulichoandika kana kwamba hujui ulichokusudia.

"Try" ndiyo ngumu kuliko zote, na nakiri kwamba kipimo cha kutangulia na kufuata hakifiki huku. Kiswahili nacho kinatutupa, kwa sababu "jaribu kufungua dirisha" hubeba maana zote mbili. Hapa jiulize: ugumu uko wapi? Kama ugumu uko kwenye kitendo chenyewe, ni "to". "I tried to open the window": nilihangaika na dirisha, na msikilizaji anaanza kuhisi kwamba halikufunguka. Kama kitendo ni rahisi na swali ni iwapo kitasaidia, ni "-ing". "I tried opening the window": dirisha lilifunguka bila tabu, ila chumba bado kina joto.

Hii utaikuta sana kwenye mambo ya kompyuta. Printa imegoma, fundi anakuandikia "Try restarting it." Anakupa dawa ya kujaribu: izime, iwashe, tuone. Ukimjibu "I tried to restart it", anaweza kukuuliza, kwa haki kabisa, kwani ilikataa kuzima? Ulichotaka ni "I tried restarting it", yaani nimefanya hivyo na haikusaidia. Fundi mwenye subira ataelewa vyovyote vile, lakini fundi anayefuata maneno yako ataanza kutafuta tatizo la kitufe cha kuwashia.

Nisikudanganye lakini kwamba mpaka huu umejengwa kwa saruji. Wenye lugha yao husema "try to" hata pale ambapo kwa kipimo changu ningetarajia "-ing", hasa wakiongea haraka. Ila "-ing" hawaileti kwa urahisi pale penye kuhangaika. Kwa hiyo ukibanwa na huna muda wa kufikiri, "try to" ndiyo yenye hatari ndogo. Tena kitenzi chenyewe kikishakuwa "trying", masikio yao hayapendi "-ing" mbili zifuatane. "I'm trying opening" inakwaruza, nao hukimbilia "I'm trying to open".

"Regret" naigusa tu. "I regret telling him" ni majuto ya kweli, nilishamwambia. "I regret to inform you" ni fomula ya barua rasmi, na inayofuata ni habari mbaya: hukupata kazi, safari imefutwa. Nje ya barua hizo sioni sababu ya kuitumia.

Mazoezi ninayowapa watu ni sentensi moja tu, nao huivunja kwa zamu: "I stopped trying to remember locking the door." Anza mwisho urudi nyuma. "Locking" baada ya "remember": kufunga kulitangulia, kumbukumbu ndiyo inayotafutwa. "To remember" baada ya "trying": kukumbuka kwenyewe ndiko kugumu, mtu anahangaika. "Trying" baada ya "stopped": kuhangaika ndiko kulikoachwa, "ili" haiingii. Yaani: niliacha kujisumbua kukumbuka nilivyofunga mlango. Halafu nawaambia wabadilishe "trying" iwe "to try", waniambie mtu huyu sasa anafanya nini. Wengi husema bado amekata tamaa. Kumbe ndiyo kwanza amesimama njiani, mkono mfukoni anapapasa ufunguo, anajaribu kukumbuka.