Intavyu ya kuandika kodi wawili kwenye edita moja: hinti nilizozipuuza na ninavyozipokea sasa

Kuna raundi moja ya pea programing niliifeli jibu likiwa karibu kukamilika kwenye skrini, na nilichukua muda mrefu kukubali kwamba tatizo halikuwa kodi. Swali lenyewe ni la kawaida: unapewa listi ya vipindi vya muda, kila kipindi kina mwanzo na mwisho, vinavyoingiliana uviunganishe. Ukipewa `[[1,4],[3,6],[8,9]]` unarudisha `[[1,6],[8,9]]`, basi.

Nikaanza na lupu mbili, moja ndani ya nyingine, nalinganisha kila kipindi na vyote vilivyobaki. Kwenye dakika ya kumi hivi yule anayenihoji akauliza, "Hivi hizi data zinakuja kwa mpangilio wowote?" Nikamjibu hapana, haziko kwenye mpangilio, nikaendelea kuandika. Baada ya muda akauliza tena, "Na zingekuwa na mpangilio?" Nikasema ingekuwa rahisi zaidi, vidole bado viko kwenye kibodi, nikaendelea na lupu zangu. Yaani mtu amenifungulia mlango mara mbili na mara zote mbili nimemjibu swali lake vizuri kabisa bila kusikia alichoniambia.

Na lupu mbili zilikuwa zinanipeleka pabaya kweli. Chukua `[1,3]`, `[5,8]` na `[2,6]`. Unalinganisha cha kwanza na cha pili, haviingiliani, unasonga. Unalinganisha cha kwanza na cha tatu, vinaingiliana, unapata `[1,6]`, ila sasa hicho kipya kinaingiliana na `[5,8]` ambacho ulishakipita. Kwa hiyo inabidi urudie tena na tena mpaka pasiwe na kinachobadilika. Mimi nikawa naongeza lupu ya tatu ya kurudia, afu ki-bendera cha kuonyesha kama kuna kilichobadilika, muda ukaisha. Ungezipanga tu kwa mwanzo wa kipindi, kila kipya unakilinganisha na cha mwisho kwenye matokeo na hurudi nyuma kabisa.

Baadaye nilianza na mimi kukaa upande wa pili, nawahoji wengine, ndio nikaelewa. Anayekuhoji akitoa hinti, mara nyingi si kwamba ameshakukata maksi. Anataka kuona kitakachofuata, manake kazini ndivyo mtakavyokuwa, mmoja anaona kitu mwenzie hajakiona, anasema. Hinti moja ukaidaka na kuifanyia kazi, nikikaa kuandika ripoti naandika kitu kizuri. Hinti ileile nikiitoa mara tatu, kila mara wazi zaidi, hapo ndipo naanza kuwa na wasiwasi.

Sasa utaijuaje kwamba ni hinti? Mara nyingi inakuja kama swali, na inauliza kitu ulichokwisha kukipita. Au anakupa mfano wake mwenyewe wakati hukumwomba. Kwenye edita ya pamoja kuna nyingine ambayo watu wengi hawaioni: kishale chake kinaonekana kwenye skrini yako, na akichagua mstari kwa kipanya unaona rangi imetanda pale. Mtu akitia rangi mstari wa 6 afu akakaa kimya, ameshaongea.

Ukishaisikia, kitu cha kwanza ni kutoa mikono kwenye kibodi. Nasema hivi nikimaanisha mikono hasa. Ukiendelea kuandika huku unajibu, nusu ya akili iko kwenye mabano na utajibu kama nilivyojibu mimi. Cha pili, irudie kwa maneno yako: "Kwa hiyo unaniuliza kama mpangilio ungenisaidia, ngoja nifikirie nikizipanga kwa mwanzo nini kinabadilika." Cha tatu, ijaribu kwenye mfano mdogo kwa sauti kabla hujagusa kodi. Hapo ndipo unaposema kama inabadilisha mpango wako au la, ndio uandike. Yote hayo hayafiki hata dakika mbili na yanakuokolea ishirini.

Tuchukue mfano wenyewe. Tuseme umedaka hinti ya mpangilio, umeandika hivi:

```python
def unganisha(vipindi):
    vipindi = sorted(vipindi)
    matokeo = [vipindi[0]]
    for mwanzo, mwisho in vipindi[1:]:
        if mwanzo <= matokeo[-1][1]:
            matokeo[-1][1] = mwisho
        else:
            matokeo.append([mwanzo, mwisho])
    return matokeo
```

Unaiendesha na ule mfano wa kwanza, inatoa jibu sahihi, unafurahi. Mwenzio anasema, "Ukiweka `[1,10]` na `[2,3]` itatoka nini?" Wengi hapa wanakimbilia kubonyeza kitufe cha kuendesha. Usikimbilie, kwanza edita nyingine za intavyu zimezimwa uwezo wa kuendesha kodi kabisa, pili kuona `[[1,3]]` kwenye skrini hakukwambii kosa liko wapi. Pitia kwa mdomo: matokeo yanaanza na `[1,10]`, kinakuja `[2,3]`, 2 ni ndogo kuliko 10 kwa hiyo tunaingia ndani ya `if`, na mstari wa 6 unaweka mwisho kuwa 3... ala, tumekifupisha kipindi. Kumbe kipindi kinaweza kumezwa chote na kingine. Sema hivyohivyo, "sikufikiria kipindi kilichomo ndani ya kingine", afu rekebisha:

```python
            matokeo[-1][1] = max(matokeo[-1][1], mwisho)
```

Na usiishie hapo. Hinti moja inakuonyesha aina ya kitu ulichokisahau, kwa hiyo jiulize mwenyewe kipi kingine cha jamii hiyo. Listi tupu je? `vipindi[0]` italipuka pale pale. Ukiliona hilo mwenyewe bila kuulizwa, umeonyesha kwamba ile hinti imekufundisha kitu zaidi ya kurekebisha mstari mmoja tu.

Sasa hapa pana jambo ambalo naona halisemwi sana. Si kila swali lina maana kwamba umekosea. Tuseme anauliza, "Hapo kwenye `<=` una uhakika?" Nimeona watu wazuri kabisa wakiingiwa na hofu, wanafuta wanaweka `<`, wanasema samahani. Lakini lile swali halina jibu moja! Je `[1,4]` na `[4,6]` vinahesabika vimeingiliana au vimegusana tu? Inategemea tulichokubaliana, na pengine hatukukubaliana chochote. Jibu zuri ni kama hili: "Nimechukulia vinavyogusana vinaunganishwa, kwa hiyo `[1,4]` na `[4,6]` vinakuwa `[1,6]`. Ungependa vibaki viwili? Nikiweka `<` vitabaki viwili." Hujagoma na hujainama, umeweka uamuzi mezani pamoja na matokeo yake. Kubadilisha kodi sahihi kwa sababu tu umeulizwa kunaniambia kwamba hukujua kwa nini uliiandika vile, na hilo ni baya kuliko kukosea.

Kuna siku pia anayekuhoji anakosea yeye, hutokea, naye ni mtu. Dawa ni ileile, mfano mdogo: "Nimekuelewa, hebu tuujaribu kwa vipindi hivi viwili tuone." Mfano utamwonyesha mwenye kosa, awe yeye au wewe, na hakuna atakayeona aibu.

Na ukikwama kabla hajasema kitu? Omba, ila namna ya kuomba ina uzito. "Sijui nifanyeje" inamwachia yeye kazi yote. Mwambie ulichonacho, kinachokukwamisha, na njia unazozipima: "Kulinganisha kila kimoja na kila kingine kunafanya kazi ila nikishaunganisha inabidi nirudi nyuma, nafikiria ama nizipange kwanza ama nirudie mpaka pasibadilike kitu, naelekea kwenye kupanga, unaonaje?" Mara nyingi ukishaisema hivyo jibu unalipata mwenyewe katikati ya sentensi.

Kuhusu kuongea kwa ujumla, ule ushauri wa "ongea muda wote" umewaharibu watu wengi. Kutangaza kila unachoandika, "sasa naweka for, sasa naweka nukta mbili", kunamchosha msikilizaji na kunakula akili yako. Ongea kwenye maungio: kabla ya kuanza kipande sema kinachokuja na kwa nini, ukiwa unakiandika unaweza kunyamaza, ukimaliza sema kama kimefanya ulichotaka. Na ukihitaji ukimya uombe, "naomba dakika moja nifikirie kimya". Ukimya uliotangazwa haumsumbui mtu, ila ukimya wa ghafla wa dakika nne unamfanya aanze kutoa hinti ambazo hukuzihitaji na zinakukatiza mawazo. Mimi pia huandika makubaliano juu ya faili kama komenti, mistari miwili mitatu, mfano `# vinavyogusana vinaunganishwa` na `# listi inaweza kuwa tupu`. Ile inawasaidia wote wawili kuwa kwenye ukurasa uleule, na ndio inayokuokoa likija lile swali la `<=`.

Maandalizi sasa. Muulize anayekupangia intavyu: naweza kuendesha kodi au ni kuandika tu, lugha ni ipi, naruhusiwa kufungua nyaraka za lugha, na tunaanza na faili tupu au kuna kodi tayari ya kurekebisha. Haya si siri, watu wanajibu tu. Afu wiki moja kabla zima kwenye edita yako kile kitu kinachokumalizia maneno, manake ukikosa kile ndipo utagundua hukumbuki kama ni `append` au `add`, na kugundua hivyo mbele ya mtu kunavuruga kila kitu kingine.

Lakini zoezi lililonibadilisha mimi ni hili. Tafuta rafiki anayejua kodi, fungueni edita ya pamoja, dakika 45, swali alichague yeye. Mwambie akupe hinti tatu popote anapopenda: mbili za kweli, na moja iwe swali kuhusu kitu ambacho umekifanya sawasawa, ila asikwambie ni ipi. Mkimaliza akuambie kila hinti ilichukua muda gani tangu aitoe mpaka mikono yako iache kuandika, na kama ile ya tatu ulifuta kodi nzuri. Mara ya kwanza nilifuta. Mara ya pili pia nilifuta, ila nilisita. Mara ya tatu nikamuuliza, "Unaona kuna mfano unaovunja hapo?" akasema hapana, nilitaka tu kujua kama una uhakika, tukaendelea.